Switch 2 ya bei rahisi kutoka Japani: hesabu kabla ya kuagiza

Mashine ya gemu ya Nintendo Switch 2 ilipoanza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025, Japani ilipewa matoleo mawili. La lugha nyingi liliuzwa yeni 69,980, na la Kijapani pekee yeni 49,980. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayowavutia wanunuzi wa Nairobi na Mombasa wanaponunua kupitia mawakala. Tangazo husema tu "Switch 2, mpya, kutoka Japani".

Toleo la bei ya chini linaonyesha menyu zake kwa Kijapani tu, na linakubali akaunti ya Nintendo iliyosajiliwa kuwa ya Japani pekee. Ukiwa na akaunti ya nchi nyingine yenye gemu ulizokwisha kununua, haitaunganishwa nalo. Baadhi ya gemu zina chaguo la lugha ndani yake, lakini hilo halibadilishi sharti la akaunti. Kisha kuna malipo: tangu Machi 2025 duka la mtandaoni la Nintendo nchini Japani halipokei kadi za benki zilizotolewa nje ya nchi hiyo. Mnunuzi wa Kenya hubaki kutafuta kadi za malipo ya awali za Japani. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha ya boksi na akuandikie wazi ni toleo gani. Akijibu kwamba lugha "utabadilisha tu ukishawasha", huyo hajui anachouza, au anajua sana.

PlayStation 5 ni tofauti kidogo. Diski zake za gemu hazifungwi kwa eneo, ila nyongeza unazonunua mtandaoni lazima zilingane na eneo la diski, na nchi ya akaunti haibadilishwi ukishaifungua.

Sasa gharama. Tuchukue mfano wa mashine iliyonunuliwa kwa shilingi 45,000, bima 1,000 na nauli ya ndege 6,000. Jedwali la Nne la Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki linasema kwamba kwa mizigo ya ndege nauli haijumlishwi katika thamani ya forodha. Wengi hawalijui hilo. Thamani basi ni 46,000. Ushuru wa mashine za gemu ni asilimia 25, yaani 11,500. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 1,150, na tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ni 920. VAT ya asilimia 16 ndiyo inayorudisha nauli kwenye hesabu: 46,000 na 6,000 na ushuru 11,500 zinafanya 63,500, na VAT yake ni 10,160. Jumla ya kodi ni 23,730. Mashine ya elfu arobaini na tano imefika 75,730, na kampuni ya usafirishaji bado itadai ada yake ya kutoa mzigo forodhani.

Muuzaji akijitolea kuandika "zawadi" au bei ya chini kwenye karatasi, kataa. Afisa wa forodha anaweza kuikataa thamani hiyo na kukadiria yake, na tamko la uongo ni kosa kisheria hata kama aliyeliandika yuko Osaka. Wakala anayetoza kwa kilo, "kodi ndani", naye aulizwe: je, utapata nakala ya tamko la forodha na risiti ya malipo ya KRA? Bila hizo huna cha kuonyesha siku mashine itakapohitaji kutoka nchini tena.

Siku hiyo huja mashine inapoharibika. Waranti ya Nintendo ya Japani hutumika ndani ya Japani. Duka la Nairobi linalouza chapa hiyohiyo haliwajibiki kwa mashine ambayo halikuiuza, hata ukiwa na risiti ya Tokyo. Njia iliyobaki ni kuirudisha kupitia mtu mwenye anwani huko, na hapo nauli ni yako kwenda na kurudi. Ukifanya hivyo, ionyeshe forodhani kabla haijaondoka, namba ya mashine ikiandikwa kwenye karatasi za kutoka. Ikirudi bila kumbukumbu hiyo, itahesabiwa kama mzigo mpya na utalipa ushuru mara ya pili.

Muuzaji wa hapa akikuambia mashine ina "waranti ya mwaka", uliza ni ya nani. Waranti ya duka lenyewe inaweza kuwa nzuri kuliko ya kiwandani isiyofika huku, mradi iandikwe kwenye risiti: jina la duka, namba ya mashine, muda, na kama utapewa nyingine au itatengenezwa. Kwa Switch angalia hasa kama vidhibiti vya Joy-Con vimetajwa, kwa sababu kijiti cha kuongozea kinachojisogeza chenyewe kilikuwa lalamiko kubwa la Switch ya kwanza, na maduka mengi hukiita uchakavu wa kawaida.