Kadi ya kliniki kwa mistari sita: maswali kuhusu muhtasari wa mjamzito

Shikamoo dada mkunga. Niko mwaka wangu wa kwanza zahanati. Nikimpa mama rufaa, hospitali wananipigia simu: "Kadi tunaiona, lakini tuambie huyu mama ni nani." Naanzia wapi?

Marahaba mdogo wangu. Wanaokupigia wamepokea mtu mwenye uchungu saa nane usiku, na kadi imejaa tarehe, tiki na mwandiko wa wauguzi wanne. Hawana muda wa kuisoma kama gazeti. Wanataka mambo matano kwa mpangilio ule ule kila siku: mimba ya ngapi na amezaa mara ngapi, mimba ina wiki ngapi leo, vidokezo vya hatari, hali yake ya sasa, na anatakiwa ajifungulie wapi na kwa njia gani.

Anza na hesabu ya mimba, kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi. Nichukue kadi moja niliyowahi kuitumia kufundishia, nikiwa nimebadilisha baadhi ya mambo ili mwenyewe asijulikane. Mama ana miaka 31. Mbele ya kadi pameandikwa: mimba ya 4, amezaa mara 3, watoto hai 2, mimba zilizoharibika 1.

Kabla hujanakili, jumlisha. Mara alizozaa, ongeza zilizoharibika, ongeza hii aliyonayo tumboni: jibu lazima lilingane na "mimba ya ngapi". Hapa 3 na 1 na 1 ni 5, wakati kadi inasema 4. Kuna mtu kakosea, na hutamjua mpaka umkalishe mama umuulize mimba moja moja kwa mwaka.

Nilipouliza, ilikuwa hivi. Mwaka 2016 alijifungua kawaida zahanati, mtoto wa kilo 3.1, yupo hai. Mwaka 2020 alibeba mapacha, akapasuliwa wiki ya 36 kwa sababu pacha wa kwanza alilala mkingamo. Pacha wa pili alifariki siku ya pili. Mwaka 2023 mimba ya miezi mitatu ilitoka, akasafishwa. Aliyejaza kadi alimuuliza "umezaa wangapi?", naye akajibu kweli tupu: watatu. Lakini para haihesabu watoto, inahesabu mara za kuzaa. Mapacha ni mara moja. Basi yeye ni G4 P2+1, yaani mimba ya nne, amezaa mara mbili, moja ilitoka, watoto hai 2.

Ile alama ya kujumlisha hubeba mimba zilizotoka kabla ya kufikia umri ambao mtoto angeweza kuishi. Kwetu Tanzania tumezoea kukata kwenye wiki 28. Uingereza hukata wiki 24, kwa hiyo ukipokea karatasi kutoka nje usishangae namba zikitofautiana. Mtoto aliyezaliwa mfu baada ya wiki 28 ni kuzaa, anaingia kwenye para. Na aliyefariki siku ya pili hapunguzi para, anapunguza idadi ya walio hai tu.

Muulize mambo haya akiwa peke yake. Mimba iliyotoka kabla ya ndoa haitatajwa mbele ya mama mkwe, na wewe usiitarajie itajwe.

Kadi ina tarehe moja ya matazamio, altrasaundi inasema nyingine. Niandike ipi?

Tuendelee na mama yule yule. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa 12 Januari 2025. Aliikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa Sikukuu ya Mapinduzi. Hiyo ndiyo namna nzuri ya kuuliza: usiseme "tarehe ngapi?", sema "ilikuwa kabla ya mfungo au baada? Shule zilikuwa zimefunguliwa?" Ongeza siku 7, kisha miezi 9, unapata 19 Oktoba 2025. Alikuja kwangu 4 Septemba. Kutoka 12 Januari mpaka siku hiyo ni siku 235. Gawa kwa 7, ni wiki 33 na siku 4.

Altrasaundi yake ilipigwa 31 Julai. Kwa hedhi, siku hiyo mimba ilikuwa na wiki 28 na siku 4. Karatasi ikasema wiki 27, na matazamio 30 Oktoba. Muuguzi aliyemwona siku hiyo alikata tarehe ya zamani kwa kalamu nyekundu akaandika mpya. Hapo ndipo palipoharibika.

Kipimo cha miezi mitatu ya kwanza ndicho chenye nguvu ya kusahihisha hedhi, kwa sababu wakati huo vichanga vya umri mmoja hulingana sana kwa urefu. Kadiri mimba inavyokua, mmoja huwa mnene na mwingine mwembamba, na mashine huanza kukisia umri kutokana na ukubwa. Baada ya wiki 28 inaweza kupotoka hata wiki tatu. Siku 11 za tofauti kwa mama mwenye uhakika wa hedhi yake, anayepata siku zake kwa mpangilio na hakuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, hazitoshi kubadilisha chochote. Nilirudisha 19 Oktoba.

Ukibadilisha kila anapopigwa picha, utamkosa mtoto asiyekua vizuri: kila anapoonekana mdogo, unampunguzia umri, naye anaonekana sawa. Kwa hiyo andika tarehe moja, na useme imetokana na nini. Mama asiyejua hedhi na asiye na picha ya mapema, andika hivyo hivyo: "tarehe haina uhakika". Hakuna aibu hapo, na daktari atajua asimuharakishie mtoto kutoka.

Vidokezo vya hatari nanakili vyote vyenye tiki?

Hapana. Tiki inakwambia kipo, haikwambii kina uzito gani. Kwa mama huyu kadi ilikuwa na tiki tatu: urefu chini ya sentimita 150, mimba ya 4, na kupasuliwa. Ukiziorodhesha hivyo, msomaji ataona mambo matatu yanayolingana. Kumbe urefu wake ni sentimita 148 na aliwahi kusukuma mtoto wa kilo 3.1, ni jambo la kutaja kwa maneno machache. Kovu ndilo kubwa, liandike la kwanza, pamoja na mwaka na sababu. Sababu ina maana yake: kupasuliwa kwa mapacha waliolala vibaya hakujirudii lazima, tofauti na kupasuliwa kwa nyonga nyembamba.

Kisha tafuta kile ambacho hakina tiki. Shinikizo la damu lake lilikuwa 100/60 Aprili, 104/64 Mei, 118/74 Julai, na 132/86 siku ile. Hakuna hata moja lililofika 140/90, kwa hiyo kila aliyempima aliandika "kawaida" na kila mmoja alikuwa sahihi kwa siku yake. Ukiziweka kwenye mstari mmoja unaona linapanda. Mkojo haukuwa na protini, kichwa hakiumi. Nilimrudisha kupimwa baada ya wiki moja badala ya mwezi, na kwenye muhtasari nikaandika namba zenyewe na miezi yake. Damu vivyo hivyo: gramu 9.2 Aprili, 10.4 Septemba, anakunywa vidonge. "Ana upungufu wa damu" peke yake haisemi kama anapanda au anashuka.

Majibu ya VVU yaandike kwa alama ile ile iliyopo kwenye kadi, usiyafafanue kwa maneno. Karatasi hii itabebwa na shemeji.

Muhtasari wenyewe ulitoka hivi:

```
4/9/2025. Miaka 31. G4 P2+1, hai 2.
Wiki 33+4 kwa hedhi ya uhakika (12/1/2025). Matazamio 19/10/2025.
KOVU 1: upasuaji 2020, mapacha, wa kwanza mkingamo. Aina ya mkato haijulikani.
2016 alizaa kawaida, kilo 3.1. 2023 mimba ilitoka miezi 3. Urefu sm 148.
BP 100/60 (Apr), 118/74 (Jul), 132/86 leo, protini hakuna. Damu 9.2 (Apr), 10.4 leo.
Mpango: hospitali yenye upasuaji. Daktari amwone wiki ya 36 aamue njia. Asianzishiwe uchungu kwa misoprostoli.
```

Mstari wa mwisho usiuache wazi kwa kuogopa kumwingilia daktari. Njia ya kujifungua ataamua yeye. Mahali na lini aonwe ni kazi yako. Wiki ya 36 yake ilianza 21 Septemba, Jumapili, kwa hiyo nilimpa Jumatatu ya tarehe 22. Wakiamua kumpasua kwa kupangiwa, kwa kawaida ni wiki ya 39, kwake juma la 12 Oktoba, ili mapafu ya mtoto yawe yamekomaa. Wakimwachia ajaribu kawaida, iwe pale ambapo chumba cha upasuaji na damu vipo. Misoprostoli nimeitaja kwa jina kwa sababu mji wa mimba wenye kovu unaweza kupasuka kwa uchungu wa kulazimishwa. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu nazo, mwambie mama mwenyewe asizitumie, hizo hazisomwi kwenye karatasi.

Mimi si nesi, ni mjamzito wa miezi saba. Nakwenda kujifungulia kwa mama mkoani. Nilipasuliwa mtoto wa kwanza. Nimeona umeandika "aina ya mkato haijulikani". Kwani hawaoni kovu langu ni la chini?

Wanaliona la ngozi, dada yangu. La mji wa mimba liko ndani, na mara nyingine la ngozi linalala chini kwenye mstari wa nguo ya ndani huku la ndani limekatwa wima. Mkato wa chini uliolala huvumilia uchungu vizuri zaidi. Wa wima ni hatari kupasuka, na mwenye huo hupangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza.

Aliyeuona ni aliyekupasua, na aliandika kwenye faili. Itafute karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kama imepotea, nenda hospitali ile na mwaka wa upasuaji na jina ulilotumia wakati ule (kama uliolewa baadaye, hapo ndipo wengi hukosa faili), uombe wakuandikie sentensi moja: mkato ulikuwa wa aina gani na ulipasuliwa kwa nini. Fanya hivyo kabla hujapanda basi, kisha ibane karatasi hiyo ndani ya kadi. Ukifika, nenda kliniki ya huko wiki hiyo hiyo, na uchague yenye upasuaji, hata kama zahanati iko jirani na kwa mama.