Ule mkato kabla ya "na" ya mwisho

"Walimu wote tafadhali, kuweka mkato kabla ya 'na' ya mwisho kwenye orodha ni kosa la sarufi, sambaza kwa wengine."

Hapana, hilo si kosa, ni mtindo tu. Kwa Kiingereza vitabu vingi vinavyochapwa Marekani vinaulazimisha huo mkato, magazeti mengi yanauacha, na Uingereza wengi wanauweka pale tu maana inapoyumba. Chukua kitabu cha Marekani na gazeti lolote la Kiingereza utafute orodha za vitu vitatu, utajionea mwenyewe.

Wanaoulazimisha wana sababu. Ukiandika "nawashukuru wazazi wangu, Asha na Juma", msomaji anaweza kudhani Asha na Juma ndo wazazi wako, ila ukiweka "wazazi wangu, Asha, na Juma" inaonekana ni watu tofauti. Sasa geuza: "nimemwalika mama, Asha, na Juma". Hapo mkato ndo unaleta utata, maana Asha anaweza kusomeka kama jina la mama, na ukiutoa inaeleweka ni watu watatu. Kwa hiyo hakuna upande unaoshinda siku zote, na mara nyingine dawa ni kupanga upya tu: "Asha, Juma na wazazi wangu".

Wengi tunachanganyikiwa kwa sababu shule tulifundishwa mtindo mmoja tukadhani ndo sheria (hata mimi). Basi hiyo meseji ikikufikia usiiforwadi, na kama unaandikia ofisi au mchapishaji uliza wao wanatumia upi, halafu shikilia huohuo mpaka mwisho wa kazi.