Kugeuza aya ya mapishi kuwa kadi: kazi zilizofichwa ndani ya kirejeshi

Kazi yangu ya kuhariri mapishi huanza mara nyingi na aya moja ndefu isiyo na orodha wala namba, iliyoandikwa jinsi mtu anavyomsimulia mwenzake waliyesimama naye jikoni. Msimulizi huyataja mambo kadiri anavyoyakumbuka, naye msikilizaji huyapanga mwenyewe kichwani. Kadi haitoi nafasi hiyo, kwa sababu anayepika kwa kadi husoma hatua ya kwanza, akaitenda, ndipo akasoma ya pili. Jambo lililopaswa kutangulia likiandikwa katika hatua ya saba, atalikuta wakati wake umekwisha kupita. Kwa hiyo sikubaliani na njia ya kuikata aya kila penye nukta na kuzipa sentensi namba. Kadi inayopatikana hivyo huonekana nadhifu, lakini mpangilio wake bado ni wa kusimulia.

Nitatumia aya hii ya keki ya ndizi, kwa kuwa ina karibu mitego yote ninayokutana nayo:

> Ponda ndizi tatu zilizoiva sana. Piga siagi gramu 115 iliyolainika pamoja na sukari gramu 150 mpaka mchanganyiko uwe mwepesi na rangi yake ipauke, kisha ongeza mayai mawili, moja baada ya jingine, na zile ndizi. Mimina unga wa ngano gramu 250 uliochekechwa pamoja na kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na chumvi kidogo, ukoroge bila kupita kiasi, lakini kabla ya kumaliza unga weka vijiko vitatu vya chakula vya maziwa. Tia nusu kikombe cha lozi zilizokatwakatwa, ukibakiza kidogo za kunyunyizia juu. Weka katika chombo ulichokipaka siagi na kukinyunyizia unga, uoke katika oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 180 kwa muda wa saa moja hivi, au mpaka kijiti kitoke kikavu. Iache ipoe kwa dakika 10 kabla ya kuitoa.

Kabla ya kuandika chochote, mimi huipitia aya nikiwa na kalamu. Kila kinachoingia katika chakula nakizungushia duara, na kila kitenzi cha amri nakipigia mstari. Halafu natafuta alama ya tatu ambayo wengi huiruka, nayo ni virejeshi vyenye -li-: zilizoiva, iliyolainika, uliochekechwa, zilizokatwakatwa, ulichokipaka, iliyokwisha kupata moto. Kwa sarufi, maneno haya yanaeleza tu hali ya kitu. Jikoni, mengi kati yake ni kazi ambazo mwandishi amezihesabu kuwa zimekwisha fanyika, na hakuna mahali popote katika aya alipomwambia msomaji azifanye.

Hata hivyo si kila kirejeshi ni hatua, kwa hiyo ninakiuliza kila kimoja kama mpishi anaweza kuileta hali hiyo mwenyewe, na inachukua muda gani. Ndizi zilizoiva sana hazitengenezwi siku ya kupika, huchaguliwa. Sifa hiyo inabaki katika orodha, ubavuni mwa ndizi. Kukata lozi na kuchekecha unga ni kazi za dakika chache, nazo zinaingia katika hatua ya maandalizi. Siagi iliyolainika ni jambo jingine, kwa maana ikitoka kwenye jokofu huhitaji nusu saa hadi saa moja katika joto la kawaida la chumba, mpaka kidole kikiibonyeza kiache alama bila siagi kupoteza umbo lake. Mpishi anayelikuta neno hilo akiwa tayari ameshika mwiko hana la kufanya ila kusubiri, au kuiyeyusha motoni kwa haraka. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa inapopigwa na sukari, na hewa hiyo ndiyo sababu ya kuzipiga. Kulainisha siagi kunastahili basi kuwa hatua ya kwanza kabisa, hata kama hatua yenyewe ni ya kusubiri tu.

Oveni ndiyo inayodhuru zaidi ikiachwa mahali ilipo. Katika aya imetajwa karibu na mwisho, na aliyekata penye nukta ataiweka katika hatua ya tano kati ya sita. Bekingi soda huanza kutoa gesi mara inapokutana na unyevu na asidi, na ndizi zina asidi ya kutosha kuianzisha kazi hiyo. Rojo likikaa mezani dakika 15 au 20 likisubiri oveni ipate moto, sehemu ya gesi iliyopaswa kuiinua keki itakuwa imetoka. Keki hiyo huiva, kijiti hutoka kikavu, lakini huwa fupi na nzito, nyama yake ikiwa imeshikamana. Mpishi huilaumu soda au ndizi, kumbe kosa ni la aliyepanga hatua. Niliwahi kutoa kadi yenye kosa hilo hilo, na nilitambua niliporudishiwa maelezo ya keki iliyokataa kuumuka, wakati kila kipimo kilikuwa sahihi.

Baada ya suala la wakati, nashughulikia vitu vinavyotumika mara mbili. Siagi ipo ndani ya keki na ipo chomboni. Unga vivyo hivyo. Lozi zinaingia ndani na zinanyunyiziwa juu. Kama orodha itasema tu siagi gramu 115, mpishi mwaminifu atachota ya kupaka chombo kutoka katika gramu hizo. Ninazipa siagi na unga wa chombo mstari wao wenyewe. Kuhusu lozi, angalia kwamba aya inasema “tia” kwanza, na “ukibakiza” inafuata. Anayetenda huku akisoma atakuwa amekwisha kuzimimina zote. Kutenga hutangulia kutia, kwa hiyo kunapanda juu hadi kwenye maandalizi. Maziwa yana tatizo la aina hiyo hiyo: maneno “kabla ya kumaliza unga” yanakuja baada ya unga kumiminwa, na dawa yake ni kuugawa unga mara mbili waziwazi.

Mahali pa neno la kukata pia pana uzito. “Lozi zilizokatwakatwa, nusu kikombe” maana yake ni kwamba zinakatwa ndipo zinapimwa. “Lozi nusu kikombe, zikatwekatwe” maana yake ni kupima kwanza. Kiasi si lazima kiwe sawa, kwa sababu vipande hujipanga kikombeni tofauti na lozi nzima. Aya yetu inasema la kwanza, nami nalifuata.

Kisha kuna mapengo. Mwandishi hakutaja ukubwa wa chombo, wala chumvi ni kiasi gani, wala “kidogo” za juu ni ngapi. Kadi haiwezi kumsaidia mtu bila vipimo hivyo, lakini sipendi kuvichomeka kimyakimya kana kwamba viliandikwa na mwenye mapishi. Kila kipimo ninachoongeza nakitia katika mabano ya mraba, ili anayetumia kadi ajue kipi kinatoka katika aya na kipi ni makadirio yangu anayoweza kuyabadili.

Katika kukata hatua, siendi kwa kitenzi kimoja kila hatua, maana kadi ingekuwa na namba zaidi ya ishirini na mpishi angepotea katikati. Namba mpya huanza panapobadilika chombo, au pale ambapo mikono inaweza kupumzika bila kitu kuharibika. Alama ya kukamilika hukaa ndani ya hatua yake, na onyo hutangulia tendo linaloonywa. Mwanzoni mwa orodha ninaandika “Mahitaji” badala ya “Viungo”, kwa kuwa neno viungo humfanya msomaji afikirie bizari na mdalasini. Mahitaji yenyewe hufuata mpangilio wa kutumika.

Keki ya ndizi
Chombo cha kuokea cha mstatili [sentimita 23 kwa 13]

Mahitaji
- Siagi kidogo na unga kidogo, vya chombo
- Unga wa ngano, gramu 250
- Bekingi soda, kijiko 1 cha chai
- Chumvi kidogo [robo kijiko cha chai]
- Lozi zilizokatwakatwa, nusu kikombe, zigawanywe
- Ndizi 3 zilizoiva sana [gramu 350 hivi zikishamenywa]
- Siagi, gramu 115, iliyolainika
- Sukari, gramu 150
- Mayai 2
- Maziwa, vijiko 3 vya chakula

Hatua
1. Toa siagi kwenye jokofu [nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza] mpaka ilainike.
2. Washa oveni, nyuzi 180 [za Selsiasi]. Paka chombo siagi, kinyunyizie unga, kung'uta unga uliozidi.
3. Chekecha unga, soda na chumvi katika bakuli dogo. Katakata lozi, uzipime, kisha tenga za juu [vijiko 2 vya chakula]. Ponda ndizi kwenye sahani.
4. Katika bakuli kubwa, piga siagi gramu 115 na sukari mpaka mchanganyiko uwe mwepesi na rangi ipauke.
5. Ongeza yai moja, piga mpaka lichanganyike, kisha la pili. Ongeza ndizi.
6. Kuanzia hapa usikoroge kupita kiasi. Tia nusu ya unga, kisha maziwa, kisha unga uliobaki; acha kukoroga mara tu unga mkavu usipoonekana. Changanya lozi zilizobaki.
7. Mimina chomboni, nyunyizia lozi ulizotenga, uoke mara moja kwa saa 1 hivi [anza kuangalia dakika ya 50]. Imeiva kijiti kilichochomwa katikati kikitoka kikavu.
8. Iache ipoe chomboni dakika 10, kisha itoe.

Onyo la hatua ya 6 nimelipandisha mwanzoni kwa sababu glutini, yaani protini inayoushikamanisha unga wa ngano, hukazana kadiri unga wenye maji unavyokorogwa, na keki iliyokwisha kuwa ngumu hairudishwi ulaini kwa kuambiwa baadaye.

Kadi ikishaandikwa naihakiki mara mbili. Kwanza naishika orodha na kukitafuta kila kitu katika hatua, nikikiwekea alama kila ninapokiona; kisichopata alama kimesahauliwa, na kilichopata mbili lazima kiwe na kipimo cha kila mahali au mstari wake. Ndiyo maana hatua ya 4 inarudia “gramu 115”, ilhali sukari haikurudiwa kipimo. Halafu nageuza, nikienda kutoka hatua hadi orodha, na hapa ndipo hugundulika maji, mafuta na vitu vingine ambavyo aya ilivitumia bila kuvitaja kwa kipimo.

Hakiki ya mwisho si yangu. Nampa kadi mtu ambaye hajaiona aya, nasimama pembeni bila kusema neno, na naandika kila anaposimama kuuliza au anapoisoma hatua mara ya pili. Toleo la kwanza la kadi hii lilisema tu “ponda ndizi”. Aliyekuwa akiijaribu alisimama katika hatua ya 3 akiwa na ndizi mkononi, akitazama bakuli dogo ambalo tayari lilikuwa na unga, na hapo nikaongeza maneno “kwenye sahani”.