Dawa "inayopunguza kwa 36%": maswali ya wagonjwa wa presha

Dakta, nimesoma kuwa dawa ya kushusha mafuta kwenye damu hupunguza mshtuko wa moyo kwa 36%. Si ni watu 36 katika mia wanaookoka?

Hapana. Namba hiyo ni ya utafiti wa ASCOT, uliochapishwa mwaka 2003, kuhusu atorvastatini ya miligramu 10. Washiriki walizidi 10,000, wote wagonjwa wa presha. Kwa miaka 3 na kitu, katika kila watu 1000 waliomeza tembe zisizo na dawa, kama 30 walipata mshtuko wa moyo au walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Waliomeza dawa yenyewe walikuwa kama 19. Waliookoka ni 11. Ukiwapima hao 11 dhidi ya wale 30, unapata theluthi na zaidi kidogo, na hapo ndipo 36% ilipotoka. Huo ni upungufu wa kulinganisha. Ukiwapima dhidi ya watu wote 1000, ni 1.1% tu. Huo ndio upungufu halisi, na mara nyingi matangazo hayautaji.

Basi wangapi wameze dawa ili mmoja apone?

Gawa 1000 kwa 11: kama watu 91, wameze kila siku kwa miaka hiyo 3 na kitu, ili mmoja aepuke. Namba hii ikitajwa bila muda, haina maana.

Kwa vile nameza hiyo ya mafuta, naweza kuacha ya presha?

Usiache. Hili ndilo linalotuchosha hapa Mombasa: mtu anafika kliniki kipimo ni 190/110, pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha, haijaguswa, eti alitumiwa ujumbe kwenye simu kuwa ya mafuta yatosha. Washiriki wote wa ASCOT walikuwa wakitibiwa presha. Faida ile ilipatikana juu ya dawa ya presha, wala si badala yake. Nasema tena: usiache. Na ukiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au kifua kinabana, usingoje asubuhi, usingoje feri ipungue watu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mmoja katika 91 ni haba. Mimi nilishapata mshtuko wa moyo, si bora niache hiyo ya mafuta?

Namba hiyo si yako. Utafiti wa 4S wa mwaka 1994 uliwachukua watu ambao tayari wana ugonjwa wa moyo, ukawapa simvastatini, dawa nyingine ya mafuta, kwa miaka 5 na zaidi. Vifo vilishuka kutoka kama 115 hadi 82 katika kila 1000. Kwa kulinganisha ni kama 30%, yaani chini ya ile 36%. Lakini waliookoka ni 33 katika 1000, kwa hiyo wakitibiwa kama 30 tu, mmoja anaepuka kifo. Hatari yako ya mwanzo ikiwa kubwa, dawa ya aina ile ile inakufaa zaidi. Njoo na tembe zako na kadi yako ya kliniki tuzungumze kabla hujaacha hata moja.