Kope linaloshuka kila jioni: maswali na majibu kuhusu miasthenia gravis

Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 29, ni fundi cherehani. Asubuhi yuko fresh kabisa, ikifika saa kumi jicho la kushoto linajifunga lenyewe na anaona vitu viwili viwili. Walimpima macho wakasema hayana shida. Ni nini hii?

Marahaba. Hilo neno "asubuhi fresh, saa kumi jicho linajifunga" ndio limenishtua zaidi ya mengine yote, maana kope linaloshuka kwa sababu ya mshipa wa fahamu uliokufa au kiharusi huwa limeshuka tu, asubuhi na jioni, halina ratiba. La kwake lina ratiba. Mwambie afunge jicho moja akiwa anaona viwili viwili, kama kinabaki kimoja ujue macho yenyewe kama macho hayana kosa (ndio maana kipimo cha macho kilitoka safi), shida ni misuli inayoyaelekeza, moja linatazama huku na lingine linachelewa.

Ugonjwa ninaoufikiria unaitwa miasthenia gravis. Alama yake kubwa ni moja: msuli unaishiwa nguvu ukitumika, ukipumzika nguvu zinarudi. Hauumi, hauleti ganzi, na mboni za macho zinabaki sawasawa. Kama mboni moja ni kubwa kuliko nyingine na kichwa kinauma vibaya hapo tunaongea habari tofauti kabisa, usisubiri kliniki, nenda hospitali leo leo.

Lakini dokta, yeye anashonea macho kutwa nzima. Si uchovu wa kazi tu huo?

Uchovu wa kazi unamfanya mtu asinzie, haumfanyi aone cherehani mbili. Na watu wengi wenye ugonjwa huu wanaitwa wavivu kwanza, au wanaambiwa wana mawazo, kwa sababu wakifika hospitali asubuhi wamelala vizuri na wamekaa kwenye benchi masaa mawili wakipumzika, daktari akiwapima anakuta nguvu ipo. Mimi mwenyewe nimeshamrudisha mtu nyumbani hivyo, nikamwona tena baada ya wiki tatu hawezi kumaliza sahani ya ubwabwa, anatafuna vijiko vitatu halafu taya anaishikilia kwa mkono. Tangu siku hiyo simpimi mtu wa namna hii bila kumchosha kwanza.

Sasa mwilini kinatokea nini? Nieleze kwa lugha ya kawaida.

Ubongo ukitaka msuli ukaze unatuma umeme kwenye mshipa wa fahamu, lakini mshipa haujagusana na msuli, kuna kauwazi kadogo sana katikati. Umeme ukifika mwisho, mshipa unamwaga kemikali inaitwa asetilikolini, inavuka ule uwazi, inatua kwenye vipokezi vilivyopangwa upande wa msuli, msuli unakaza. Halafu kuna kimeng'enya kinaivunja ile asetilikolini haraka ili njia iwe wazi kwa ujumbe unaofuata. Kikumbuke hicho kimeng'enya, tutakirudia kwenye barafu.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: hata wewe mzima, mshipa ukituma ujumbe mfululizo, kila mara unamwaga kemikali pungufu kidogo kuliko mara iliyopita. Huoni tofauti kwa sababu una akiba, kinachomwagwa ni zaidi ya kinachohitajika na vipokezi ni vingi. Mwenye miasthenia gravis akiba hiyo kaipoteza. Kinga yake imetengeneza kingamwili zinazoshambulia vile vipokezi, na zinafanya uharibifu kwa namna tatu. Nyingine zinakaa juu ya kipokezi zikazuia kemikali isitue. Nyingine zinafunga vipokezi viwili pamoja, msuli ukiona hivyo unavimeza na kuvisaga haraka kuliko unavyotengeneza vipya. Na mbaya kuliko zote, zinaita protini nyingine za kinga zije kutoboa ukuta wenyewe wa msuli, ile mikunjo mikunjo inayobeba vipokezi inasawazishwa inabaki kama ukuta uliobanduka plasta. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza unapita, wa pili unapita kwa tabu, wa tano unagonga patupu. Ukipumzika mshipa unajaza stoo yake, ujumbe unapita tena.

Nyoka wa jamii ya swila wana sumu inayoziba vipokezi hivyo hivyo, ndio maana aliyeumwa na swila dalili zinaanzia kwenye kope vilevile. Tofauti ni kwamba nyoka anamaliza kazi kwa masaa, kingamwili zinachukua miezi. Na sumu ya nyoka mmoja wa Asia ndiyo iliyotumika mwaka 1973 kuhesabia vipokezi kwenye misuli ya wagonjwa, wakakuta vimepungua sana. Mwaka huohuo watafiti wengine waliwachoma sungura vipokezi vilivyotolewa kwenye samaki wa umeme, lengo lao lilikuwa kupata kingamwili za kufanyia utafiti tu, sungura wakalegea wenyewe kama wagonjwa. Hapo ndipo mkosaji alipojulikana.

Nimesikia kuna kipimo cha barafu. Ni kweli au ni mambo ya mtandaoni?

Ni kweli na ni moja ya vipimo ninavyovipenda sana, gharama yake ni barafu ya mfuko wa nailoni na rula. Nakueleza nilivyomfanyia mama mmoja wa miaka 34 muuza chapati, alikuja saa nane mchana baada ya kusukuma chapati tangu alfajiri.

Kwanza nilimchosha. Nilinyoosha kidole juu ya kichwa chake nikamwambia akitazame bila kuinua kichwa, dakika moja nzima. Sekunde ya ishirini hivi kope la kulia lilianza kushuka, taratibu kama pazia, huku paji la uso likijikunja kwa kujitahidi. Nikaliinua lile kope la kulia kwa kidole, la kushoto ambalo lilikuwa linaonekana zima likashuka hapohapo. Maana yake yote mawili yalikuwa yanaumwa, la kushoto lilikuwa linabebwa na ile juhudi ya kuinua la kulia, nilipoondoa haja ya juhudi siri ikatoka.

Nikapima kwa rula uwazi kati ya kope la juu na la chini jicho la kulia: milimita 4. Nikamwambia afunge macho apumzike dakika mbili bila barafu, nikapima tena, 5. Kisha nikafunga barafu ndani ya glavu, nikaiweka juu ya kope lililofungwa, dakika mbili kwa saa sio kwa kukisia. Nikaondoa, nikafuta maji, nikapima palepale: milimita 9. Nafuu ya milimita 2 au zaidi ndiyo tunaihesabu kuwa chanya. Baada ya dakika chache likashuka tena, mama akacheka akasema basi nitatembea na barafu.

Sababu ni kile kimeng'enya. Ubaridi unakipunguzia kasi, asetilikolini inakaa muda mrefu zaidi pale kwenye uwazi, inapata nafasi ya kugonga hata vipokezi vichache vilivyobaki. Ile raundi ya kupumzika bila barafu usiiruke, maana kupumzika peke yake kunaleta nafuu kwa watu hawa, bila kulinganisha hujui ni barafu au ni usingizi. Na kipimo kina mipaka, kama kope limeshuka hadi jicho limefunga kabisa barafu inaweza isifanye kitu na ugonjwa upo. Kama hakuna kope lililoshuka, hakuna cha kupima. Nyumbani mnaweza kujaribu ila barafu isigusane na ngozi moja kwa moja, na mpige picha kabla na baada, hizo picha ndizo mje nazo.

Na misuli mingine inapimwaje?

Kwa kuichosha vilevile. Anyooshe mikono mbele dakika mbili, uone kama inaanza kuzama. Alale chali anyanyue kichwa bila mto. Asome au ahesabu kwa sauti moja mpaka hamsini, sikiliza kuanzia thelathini kwenda juu, sauti inaanza kutokea puani, maneno yanalainika kama mtu aliyekunywa.

Kipimo ambacho ndugu wa mgonjwa wanatakiwa kukijua kwa moyo ni kuhesabu kwa pumzi moja. Avute pumzi nzito, ahesabu mpaka pumzi iishe. Vitabu vinasema mzima anakaribia hamsini, lakini hizo ni namba za Kizungu, fupi fupi, huku kwetu "thelathini na saba" peke yake inakula pumzi. Mimi nawahesabisha moja hadi kumi halafu wanarudia tena moja hadi kumi, tunaandika jumla siku akiwa vizuri, hiyo inakuwa rekodi yake. Siku ikishuka nusu, au akikohoa anapomeza mate, au hawezi kulala chali kwa kukosa hewa, ni dharura. Na msidanganywe na kile kimashine cha kidoleni, kinaweza kusomeka 97 wakati misuli ya kupumua imebakisha saa chache, oksijeni huwa ya mwisho kushuka.

Kipimo cha damu kikitoka hasi tumepona?

Hapana. Kingamwili za vipokezi zinaonekana kwa takriban watu 85 kati ya 100 ambao ugonjwa umesambaa mwilini, lakini kwa wale wa macho tu ni kama nusu. Wengine wana kingamwili zinazolenga protini nyingine pale pale, inaitwa maski, ndiyo inayosaidia kukusanya vipokezi sehemu moja, hiyo ina kipimo chake. Damu ikiwa hasi na dalili ziko vilevile kuna kipimo cha umeme, mshipa unashtuliwa mfululizo uone msuli unavyofifia. Ikithibitika, apigwe siti skani ya kifua, maana watu 10 hadi 15 kati ya 100 wana uvimbe kwenye tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua.

Mama mkwe alikuwa nao huo ugonjwa, akachomwa kwinini akazidiwa usiku uleule. Ilikuwa bahati mbaya?

Pole sana. Kwinini yenyewe inadhoofisha ule ujumbe wa mshipa kwenda kwenye msuli. Hivyo hivyo gentamaisini, sipro, azithromaisini, na magnesiamu ya kwenye mshipa wanayopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Malaria kali siku hizi tunaanza na artesuneti, kwa hiyo kwinini ina mbadala. Msikatae kutibiwa maambukizi, maana maambukizi yenyewe ndiyo huwa yanawazidisha, ila jina la ugonjwa litajwe kabla sindano haijavutwa, liandikwe kwenye karatasi akae nayo kwenye pochi.

Dawa anayoanziwa wengi ni piridostigmini, inazuia kile kimeng'enya cha kwenye barafu, kidonge kinasaidia masaa matatu manne. Kuharisha na mate mengi ni kawaida yake. Haizimi kinga, hiyo ni kazi ya stiroidi na nyinginezo, na stiroidi dozi kubwa siku za mwanzo zinaweza kumlegeza zaidi, kwa hiyo asijianzishie.

Swali la mwisho, huyu mdogo wangu ana mimba ya miezi minne. Mtoto ataupata?

Ugonjwa wenyewe hamrithishi hivyo, lakini kingamwili zinapita kondo la nyuma. Watoto kama 10 hadi 15 kati ya 100 wa akina mama hawa wanazaliwa wamelegea, wananyonya kwa udhaifu, kilio kidogo kama cha paka, halafu wiki zikipita kingamwili za mama zinaisha na wanakaza wenyewe. Kwa hiyo asijifungulie nyumbani wala kituo kidogo, ajifungulie mahali wanapoweza kumsaidia mtoto kupumua, na asiruhusiwe siku ya kwanza, dalili hizo wakati mwingine zinajitokeza siku ya pili au ya tatu.