Kijiko kimoja cha dawa ni kiasi gani?

Hapa Pemba mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Mwenye shamba akija na bakuli la nyumbani kwake akasema "leo tunapimia hili", hakuna mchumaji atakayekubali, kwa sababu bakuli ni chombo tu na pishi ni kipimo. Tofauti hiyo tunaijua vizuri shambani na dukani, lakini tukishika chupa ya dawa ya maji ya mtoto inatupotea. Sababu ni neno lenyewe: kijiko. Kwa anayeandika dawa, kijiko ni kipimo. Kwa anayeipokea nyumbani, kijiko ni kile kilichopo kwenye kikapu cha vyombo.

Anayeandika dawa akisema kijiko kimoja cha chai, makusudio yake ni mililita 5, na kwenye chupa utaona imeandikwa 5 ml. Kijiko kikubwa kwa hesabu hiyo hiyo ni mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Vijiko vya jikoni havikutengenezwa kwa kufuata hesabu hiyo. Juzi nilitoa vijiko vitatu vya chai vya nyumbani kwangu, nikavijaza maji kimoja kimoja, kisha nikayavuta maji yale kwa bomba la sindano lisilo na sindano ili niyapime. Kile chembamba cha bati kilichukua mililita 3. Cha pili kilichukua 4 na nusu. Cha tatu, kilichotoka kwenye seti ya vyombo vya harusi, kina tumbo na kilichukua 6 na nusu. Vyote vitatu kwetu vinaitwa kijiko cha chai, na mtoto akinyweshwa kwa cha tatu atapata zaidi ya mara mbili ya kile angepata kwa cha kwanza.

Nafanya kazi ya kutoa dawa, na kisa kilichonifundisha jambo hili nilikianzisha mimi mwenyewe. Mama mmoja alikuja na mtoto wa kilo 8 mwenye homa, akiwa na karatasi ya kituo cha afya. Dawa ilikuwa parasetamoli ya maji, ile tunayozoea kuiita panadoli, chupa ya mililita 60, imeandikwa 120mg/5ml. Maana yake ni kwamba ndani ya kila mililita 5 za maji yale kuna miligramu 120 za dawa yenyewe. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mara moja, kwa hiyo huyu wa kilo 8 alistahili kati ya miligramu 80 na 120. Karatasi ilisema mililita 4, ambazo ni miligramu 96. Kipimo kizuri kabisa. Chupa haikuwa na kikombe ndani ya boksi, nami nikasema kwa mdomo: "Mpe kijiko kimoja, kisijae sana, kila baada ya saa sita."

Siku ya pili, saa tisa alasiri, mama alirudi kutaka chupa nyengine. Hapo ndipo nilipostuka. Tangu saa sita mchana wa jana mtoto alikuwa amekunywa mara tano. Mara tano kwa mililita 4 ni mililita 20, kwa hiyo zilitakiwa kubaki 40. Kwenye chupa aliyonionesha zilibaki kama 10. Nikamuuliza ni kijiko gani alichotumia, akasema mtoto analala kwa bibi yake na bibi ndiye anayemnywesha. Alipompigia simu, bibi alijibu: "Kijiko si hichi hichi cha kulia wali, mwanangu? Nami sikukijaza." Kijiko cha wali ambacho hakikujazwa kilikuwa kinabeba mililita 10. Kila mara mtoto alipata miligramu 240 badala ya 96.

Nilimwambia mama ampeleke hospitali wakati ule ule na chupa mkononi, ingawa mtoto alikuwa anacheza na homa imeshuka. Parasetamoli ikizidi huumiza ini, na ini halionyeshi dalili mapema. Siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima au kutapika kidogo tu, na madhara yakajitokeza siku moja au mbili baadaye. Ipo dawa ya kulikinga ini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa, ndiyo maana hakungojwi dalili. Mtoto yule alipimwa damu, akaangaliwa, akarudi nyumbani salama, alhamdulillahi. Bibi hakukosea hata kidogo. Alifanya alichoambiwa, na aliyemwambia "kijiko" ni mimi. Tangu siku ile silitumii tena neno hilo ninapotoa dawa ya mtoto. Nasema mililita, na mama haondoki mpaka anioneshe kwa kidole mstari atakaofika.

Sasa chombo gani kwa kipimo gani? Kwa chochote kisichozidi mililita 5, na kwa mtoto mchanga siku zote, chukua bomba la kunyweshea dawa. Sababu yake iko kwenye upana. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa kina upana wa kama sentimita 2 na nusu, kwa hiyo dawa ikipanda milimita moja tu juu ya mstari umeshaongeza karibu nusu mililita. Ndani ya bomba la mililita 5, ambalo ni jembamba, kosa hilo hilo la milimita moja ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Kwa mtoto anayetakiwa kunywa mililita 2, nusu mililita ni robo nzima ya dawa yake. Kikombe kinafaa kwa mkubwa kidogo anayekunywa mililita 10 au zaidi, na hata hapo dawa nzito huganda ukutani mwa kikombe na sehemu haifiki mdomoni. Kijiko cha plastiki chenye mistari kinafaa pale tu kipimo chako kinapoangukia kwenye mstari wake, 2.5 au 5. Ukitaka 4 hakina jibu.

Mabomba nayo yana ukubwa mbalimbali: mililita 1, 2, 5 na 10. Chagua dogo kuliko yote linaloweza kubeba kipimo chako kwa mvuto mmoja. Mililita 4 ziende kwenye bomba la 5, na nusu mililita iende kwenye bomba la 1. Nusu mililita ndani ya bomba la 10 ni mstari mmoja mdogo karibu na ncha, na jicho la mtu aliyekesha na mtoto litaukosa.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye bomba la 5 ni la kuhesabu mistari midogo. Baina ya namba 2 na namba 3 mna nafasi tano, na wengi hudhani kila moja ni sehemu ya kumi. La, kila nafasi ni 0.2. Anayetafuta 2.5 akihesabu mistari mitano kutoka kwenye 2 atajikuta kwenye 3. Mbili na nusu inakaa katikati, baina ya mstari wa 2.4 na wa 2.6. Wino mwembamba wa kalamu ya kudumu ukiuchora hapo, kila anayemnywesha mtoto atafika pahala pamoja.

Namna ya kuvuta: tikisa chupa kwanza, maana dawa nyingi za maji hutuama chini. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi, tia ncha ya bomba ndani ya dawa na vuta taratibu. Likiingia povu, geuza ncha iwe juu, ligonge kwa kidole mpaka hewa ipande, isukume itoke, kisha vuta tena, kwa sababu nafasi ya povu ni nafasi ambayo dawa haimo. Soma kwenye ukingo wa mpira mweusi ulio karibu zaidi na ncha, pale unapogusa ukuta wa bomba. Mabomba mengine mpira wake una kichomo katikati, na hicho hakisomwi. Kikombe kisomwe kikiwa mezani, nawe uiname mpaka jicho liwe sawa na mstari. Ukikiinua mkononi kinalala upande.

Kama unatumia bomba la kawaida la sindano, liwe jipya, halijatumika kuchoma mtu, na sindano yake itolewe na kutupwa pamoja na kile kifuniko kidogo. Kifuniko hicho kikibaki kwenye ncha kinaweza kuruka na dawa mpaka kooni mwa mtoto. Mtoto akae wima mapajani, ncha iwe baina ya fizi na shavu, na dawa isukumwe kidogo kidogo huku akimeza. Ukiilenga kooni moja kwa moja atapaliwa.

Jambo jengine linalowaponza watu ni kuhamisha kipimo cha chupa moja kwenda chupa nyengine. Ipo parasetamoli ya matone ya watoto wachanga inayoandikwa 100mg/1ml. Mililita 4 za chupa hiyo ni miligramu 400, zaidi ya mara nne ya zile 96 za mtoto wetu, ilhali jina ni moja na maji yanafanana. Kwa hiyo ukibadilishiwa chupa, soma namba hizo mbili upya na umuulize aliyekuuzia mililita zimekuwa ngapi. Bomba au kitoneshi cha chupa moja kibaki na chupa hiyo hiyo, kifungwe nayo kwa mpira.

Kwa dawa za kuua bakteria, kama amoksisilini ya unga, hatari kubwa nyumbani ni kupungukiwa. Chukua chupa ya mililita 100, mtoto anakunywa 5 mara tatu kwa siku kwa siku tano. Hesabu ni 75, kwa hiyo siku ya mwisho zibaki kama 25. Zikibaki 55, ujue chombo chako kinabeba 3 na mtoto amekunywa pungufu siku zote hizo. Ikiwa dawa imekwisha siku ya nne, umekuwa ukimzidishia. Hesabu hii ifanye siku ya pili tu, kwa kuangalia chupa imeshuka kiasi gani: mililita 15 kwa siku, basi. Na kwenye bahasha ukikuta 1x3 peke yake, usiondoke nayo. Hiyo moja inaweza kuwa mililita moja au kijiko kimoja, na baina yake kuna tofauti ya mara tano. Mwambie aliyekupa aandike ml mbele ya namba.

Bomba lioshwe kwa maji safi kila baada ya dozi, vipande viwili vikiachanishwa, liachwe likauke. Mistari hufutika kwa kuoshwa. Ukianza kuikisia, chukua jengine.