Mlinzi wa geti: maindifulnesi ya maandiko ya Budha na ile ya kliniki

Kuna swali linarudi sana kwenye vipindi vyetu vya elimu ya afya ya akili, kuhusu maindifulnesi, yani yale mazoezi ya kuweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi. Mtu anauliza hii maindifulnesi si ndo ile meditesheni ya Wabudha, mwingine anamdaka hapo hapo, hapana bwana hii ni sayansi, haina uhusiano na dini. Kila mmoja kashika kipande chake. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na leo naomba tukae kwenye maneno mawili tu, "bila kuhukumu", maana karibu kila anayefundisha hii kitu anayasema na ndipo wagonjwa wangu wengi wanapochanganyikiwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye Kipali, lugha ya maandiko ya zamani ya Wabudha, neno ni sati, na asili yake ni kukumbuka. Kukumbuka kabisa, kama unavyokumbuka ulichoambiwa jana. Mwingereza mmoja aliyewahi kufanya kazi serikalini kule Ceylon (Sri Lanka ya leo), T. W. Rhys Davids, ndo alilitafsiri kwa neno mindfulness mwaka 1881, likashika mpaka leo, ila ile harufu ya kukumbuka ikapotea njiani.

Sasa ona maandiko yanaielezaje sati. Kuna mfano wa mji wa mpakani wenye ngome, na getini kuna mlinzi mwenye akili, mjuzi wa kazi yake, anawazuia asiowajua na kuwaruhusu anaowajua. Huyo mlinzi ndo sati. Kwenye simulizi nyingine mji ni mwili, una mageti sita ambayo ni macho, masikio, pua, ulimi, ngozi na akili, na mlinzi ni yule yule. Fikiria mlinzi wa getini kwenu, yule mzuri. Hapigani na kila anayepita, hasinzii, lakini pia hasemi "mimi naangalia tu sihukumu" halafu mwizi akapita na tivii. Anaona, anakumbuka sura, anajua huyu ni wa humu na huyu wiki iliyopita alileta shida.

Hata lile andiko kuu la mazoezi haya, Satipatthana Sutta, liko hivyo hivyo. Mtawa anakaa chini ya mti, akivuta pumzi ndefu anajua navuta ndefu, akivuta fupi anajua fupi. Mpaka hapo inafanana na kliniki. Lakini andiko haliishii hapo, linamtaka ajue hisia aliyonayo ni ya raha, ya maumivu au ya katikati, na kama inatokana na tamaa za dunia au haitokani nazo, halafu chuki ikimwinukia moyoni ajue imeinuka, imetokea wapi, inaondokaje na atafanya nini isirudi. Hiyo ni kazi ya kupambanua. Na lengo lake si kupunguza stresi, ni kukata mzizi wa mateso yote na kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, ndo maana inaenda pamoja na maadili na namna nzima ya kuishi.

Mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, akaanzisha kliniki kwenye shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuwa yanaisha na madaktari walishafika mwisho. Akachukua mazoezi, akaacha mambo ya kuzaliwa upya na nadhiri za utawa, akatengeneza kozi ya wiki 8. Yeye ndo aliyeisambaza ile maana ya kuweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, kwa makusudi, bila kuhukumu. Kwa mtu ambaye mgongo unauma miaka kumi na kila ukiuma anajitukana, hayo maneno ni dawa kweli, sitayabeza hata kidogo. Shida inakuja mgonjwa akielewa kwamba asipambanue chochote, basi kila wazo linaloingia analikaribisha kwenye kiti.

Wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, wakaichukua kozi hiyo wakailenga kwa watu ambao sonona imewarudia rudia. Kuna zoezi lao moja napenda kulitumia. Funga macho, uko barabarani, ng'ambo unamwona mtu unayemfahamu, unampungia mkono na kumwita, anapita bila kukuangalia. Nini kimekuja kichwani? Mmoja anasema hajaniona tu. Mwingine, hasa aliyewahi kuumwa, anasema nimemkosea nini, watu wamenichoka, na kifua kinabana hapo hapo, mabega yanashuka, na ndani ya dakika mbili kashahama kutoka barabarani yuko kwenye makosa yake yote ya miaka mitano. Tukio ni moja, ila geti limepitisha vitu tofauti. Mafunzo yanamwezesha kusimama pale kifua kinapobana na kusema, aha, hili ni wazo, nalijua, lilikuja hivi hivi kabla sijaumwa mara ya mwisho.

Umeona lakini? Huko ni kukumbuka. Na kuelekea mwisho wa kozi mgonjwa anaandika dalili zake mwenyewe za kuanza kuanguka, labda hapokei simu, anaamka saa tisa usiku, haogi mpaka mchana, na pembeni anaandika atafanya nini akiziona. Kwa hiyo kwa maoni yangu kliniki ikifanya kazi vizuri inamrudisha yule mlinzi kimya kimya, hata kama kwenye tangazo imeandikwa "bila kuhukumu".

Matokeo yapo na yana mipaka yake. Kwenye utafiti wao wa mwaka 2000 wenye watu 145, kati ya wale waliokuwa wameshaumwa sonona mara tatu au zaidi, karibu theluthi mbili ya waliopata huduma ya kawaida tu waliumwa tena ndani ya mwaka na kitu, ila kwa waliopita kwenye kozi ilikuwa kama asilimia 40. Waliokuwa wameumwa mara mbili tu hawakuona faida. Na wote walianza wakiwa wamepata nafuu, hakuna aliyeingia akiwa katikati ya ugonjwa, hili naomba mlishike, maana kumwambia mtu aliyezama akae kimya dakika 40 na mawazo yake ni kumwacha peke yake na yule yule anayempiga.

Wazee wa zamani walilijua hilo. Kuna simulizi ya mji wa Vesali, Budha aliwafundisha watawa kutafakari uchafu wa mwili kisha akajitenga nusu mwezi, kurudi anakuta watawa wamepungua, anamuuliza Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, kulikoni, anaambiwa walichukia miili yao mpaka baadhi wakajiua. Akawakusanya waliobaki akawafundisha zoezi lingine, la pumzi.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye kozi, angalia kama wanakuuliza umeshaumwa mara ngapi, sasa hivi uko hali gani, na hali ikibadilika wiki ya tatu unampigia nani. Kama uko kwenye dawa usiziache kwa sababu umeanza kozi. Kwenye utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 wenye watu 424, waliopita kwenye kozi huku wakisaidiwa kupunguza dawa waliumwa tena asilimia 44, walioendelea na dawa asilimia 47, yani karibu sawa, na huko kupunguza kulikuwa hatua kwa hatua na daktari akijua.